Jina la ubavuni silo linaloshtakiwa

Kila ajali ikitokea barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, picha za kwanza zinazosambaa simuni ni za ubavu wa gari. Rangi, michoro, na jina kubwa lililoandikwa kwa herufi za kumeremeta. Kufika jioni mtaa mzima unasema "ni basi la fulani", na familia ya walioumia inalibeba jina hilo mpaka kwa wakili. Hapo ndipo mambo huanza kwenda mrama, kwa sababu jina la ubavuni mara nyingi si jina la mtu wala la kampuni. Ni rangi tu. Mahakama haiwezi kulipelekea rangi hati ya wito.

Nimekuwa karani katika ofisi za mawakili hapa Mombasa kwa miaka kadhaa, na kazi ambayo nimeifanya kuliko zote ni hii ya kumtafuta aliye nyuma ya gari. Nataka kueleza inavyofanywa, kwa kuwa naona watu wa Pwani wakipoteza kesi zao si kwa kukosa haki, bali kwa kumshtaki asiyehusika. Wanapokuja kugundua, miaka mitatu ambayo sheria inamruhusu mtu kudai fidia ya majeraha yaliyotokana na uzembe imekwisha.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Gari la abiria hapa Kenya linaweza kuwa na majina matatu kwa wakati mmoja. Liko jina la biashara, lile la ubavuni. Liko jina la aliyesajiliwa kuwa mwenye gari, lile la kwenye logibuku. Na liko jina la mwenye leseni ya kuliendesha gari hilo kibiashara, yaani leseni ya huduma ya barabarani ambayo hutolewa na NTSA. Wazee bado huiita TLB, kwa jina la bodi iliyokuwa ikiitoa kabla ya NTSA kuundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Stika yake hubandikwa kwenye kioo cha mbele, pamoja na ya ukaguzi na ya bima. Abiria tunazipita kila siku bila kuzitazama, nazo ndizo zenye maana kuliko maandishi yote ya ubavuni.

Kwa nini leseni iwe na jina tofauti na logibuku? Jibu liko katika kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014. Kanuni hizo zilimkataza mtu binafsi kuendesha matatu au basi peke yake. Ni lazima awe ndani ya chombo kilichosajiliwa, ama kampuni ama chama cha ushirika, na chombo hicho kiwe na magari yasiyopungua 30. Sasa tazama matokeo yake. Mzee mwenye matatu mbili za Bamburi hana magari 30 na hatayapata maishani. Anajiunga na sako. Leseni inataja sako, logibuku inabaki kwa jina lake, na ubavuni anachora anachotaka. Upande wa mabasi makubwa mambo hayo hayo hutokea kwa sura nyingine: tajiri ananunua basi moja au mawili, anayaingiza chini ya kampuni yenye jina linalojulikana, yanapakwa rangi ya kampuni na kukatiwa tikiti kwenye ofisi yake. Abiria anaona msafara wa mabasi ya kampuni moja, kumbe yana wenyewe saba.

Mwenye leseni ndiye serikali inayemshika shati. Julai 2022 basi la Modern Coast lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia kwenye bonde la mto Nithi na zaidi ya watu 30 wakafa. NTSA ilisimamisha shughuli za kampuni nzima, si basi lile peke yake. Na ndivyo inavyokuwa kwa sako zetu pia. Gari moja likikosa, wanachama wote wanaamka asubuhi hawana ruhusa ya kubeba abiria, halafu wanaandamana wakiuliza kosa lao ni nini. Kosa lao ni kwamba leseni ni ya chombo.

Lakini fidia ina njia yake. Sheria ya trafiki, kifungu cha 8, inasema aliyesajiliwa kwa jina lake ndiye atakayechukuliwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Maneno hayo ya mwisho ni mazito. Maana yake logibuku ni mwanzo wa ushahidi, na mtu anaweza kuleta ushahidi mwingine kuonyesha kwamba gari liliuzwa, limekodishwa, au linaendeshwa na mtu mwingine. Kwa hiyo tunatafuta yote mawili, logibuku na leseni, kisha tunaangalia yanakutana wapi.

Logibuku hutafutwa kupitia tovuti ya NTSA ukiingia kwa akaunti ya eCitizen. Unaweka namba ya gari, unalipa (mimi nimekuwa nikilipa shilingi 550), na unapata rekodi yenye jina la mwenye gari, namba ya chesisi, rangi na aina ya bodi. Linganisha hayo na gari ulilolipiga picha. Rekodi ikisema ni pikapu nyeupe nawe umepiga picha ya basi la buluu, basi namba ile ni ya kubandika, na ni bora polisi wajue siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni tarehe. Rekodi unayoipata leo inaonyesha mwenye gari wa leo. Gari lililoua mtu mwezi wa pili linaweza kuwa limehamishwa jina mwezi wa nne, na anayeshtakiwa mwezi wa sita akaja mahakamani na karatasi safi kwamba siku ya ajali gari halikuwa lake. Fanya utafutaji mapema, wiki ya kwanza ukiweza, na uihifadhi karatasi yake yenye tarehe. Ukichelewa, itabidi wakili aandike NTSA kuomba historia ya umiliki kwa tarehe ya ajali, na hiyo huchukua muda.

Jina la kwenye leseni nalo linakupeleka kwenye mojawapo ya milango miwili. Likiwa ni kampuni, unakwenda kwa msajili wa kampuni, ambaye naye yuko eCitizen. Hati inayotakiwa inaitwa CR12, na nimekuwa nikiilipia shilingi 650. Inataja wakurugenzi, wenyehisa na anwani iliyosajiliwa ya kampuni. Tazama namba ya usajili inavyoanza. Ikianza na PVT ni kampuni binafsi inayoweza kushtakiwa kwa jina lake. Ikianza na BN hiyo si kampuni kabisa, ni jina la biashara tu, na unayemshtaki ni mtu au kampuni iliyolisajili. Nimeona kesi ikiyumba mwaka mzima kwa kosa hili dogo.

Likiwa ni sako, kwa msajili wa kampuni hutapata kitu. Watu hutafuta huko, wanakosa, wanahitimisha kwamba sako ni ya bandia. Hapana. Sako husajiliwa kwa kamishna wa vyama vya ushirika, na ofisi ya ushirika ya kaunti ndiyo ya kuendea. Huko ndiko waliko viongozi wake kwa majina, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Sako yenyewe inayo orodha ya magari na wenyewe, maana bila orodha hiyo haiwezi kukusanya michango yao ya kila siku. Barua ya wakili kwa katibu mara nyingi huleta jibu upesi, kwani sako haipendi kubeba msalaba wa mwanachama mmoja.

Kuna njia ya mkato kwa abiria mwenye tikiti. Ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe unaorudi una jina lililosajili namba ile ya malipo. Tikiti au risiti ikiwa na PIN ya ushuru, iangalie herufi ya mwanzo: ikianza na P ni kampuni au chombo, ikianza na A ni mtu binafsi. Kwenye tovuti ya iTax kuna sehemu ya kuhakiki PIN, na haina malipo. Mara kadhaa jina linalotokea huko si la ubavuni wala la kwenye leseni, ni la tatu, na hilo linakwambia pesa za nauli zinaingia mfuko wa nani.

Sasa malori, ambako ndiko kwenye mtego mkubwa. Nitaeleza kesi moja niliyoishughulikia, bila majina.

Mama mmoja muuza mahamri alivunjwa mguu pale Miritini na trela lililokuwa likirudi nyuma kutoka barabarani. Kibanda chake kilisagwa. Binti yake, kijana mwerevu, alikuja ofisini na picha nne na abstrakti ya polisi. Alikuwa ameshaandika jina la mdaiwa kwenye karatasi, jina la kampuni kubwa ya meli ya ng'ambo.

"Ami, jina si hili hapa? Limeandikwa ubavu mzima."

Lilikuwa limeandikwa kwenye kontena. Kontena ni sanduku la kampuni ya meli, hupandishwa bandarini Kilindini kwenye lori lolote lililotumwa kulichukua. Kampuni hiyo haina dereva Miritini. Nilimwambia aliweke jina hilo kando, tuanze na chuma chenyewe.

Lori la aina hiyo ni magari mawili. Kichwa kina namba yake ya kawaida inayoanza na K, na trela lina namba yake inayoanza na Z. Kila moja lina logibuku yake, na si lazima yawe ya mtu mmoja. Abstrakti ya polisi ilikuwa na namba ya kichwa tu. Bahati nzuri, picha ya tatu ilionyesha nyuma ya trela, na ukiikuza namba inasomeka. Kwenye mlango wa dereva palikuwa na jina la tatu, dogo, lenye sanduku la posta la Mombasa. Na mbele palikuwa na kibao cha mizigo ya tranziti.

Tulitafuta kichwa kwanza. Rekodi ilitoa majina mawili kwa pamoja, benki moja na mtu binafsi. Binti akafurahi kuona benki, akidhani tumempata tajiri wa kumlipa mama yake. Benki inaingia kwenye logibuku kwa sababu imekopesha pesa za kununulia gari na inataka lisiuzwe kabla ya deni kwisha. Haimwajiri dereva wala haimpangii safari. Kama iunganishwe kwenye kesi ni uamuzi wa wakili, lakini si yenyewe tunayoitafuta. Aliyekopa ndiye wetu, yule mtu binafsi.

Trela likatoka kwa jina la kampuni, tofauti kabisa. Hapo ungedhani tuna wadaiwa wawili wasiojuana. Tukaagiza CR12 ya kampuni ile, na kati ya wakurugenzi wawili, mmoja ni yule yule wa logibuku ya kichwa. Jina la mlangoni likapatikana kuwa ni la BN, jina la biashara lililosajiliwa na kampuni hiyo hiyo. Kufikia hapo tulikuwa tumetumia shilingi zisizofika 3,000.

Kilichobaki ni kuthibitisha nani alikuwa akiliendesha lori siku ile, na hapo ndipo kile kibao cha tranziti kiliposaidia. Gari linalobeba mizigo ya kupita kwenda Uganda, Rwanda au Kongo haliruhusiwi kufanya hivyo kwa leseni ya kawaida peke yake. Ni lazima lipewe leseni na idara ya forodha ya KRA chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, na leseni hiyo hutolewa kwa msafirishaji anayejulikana, ili mzigo ukipotea njiani kuwe na wa kumdai ushuru. Lori lilikuwa bado limezuiliwa uani kwa kituo cha polisi likisubiri ukaguzi. Nilimwambia binti aende na kaka yake, waombe ruhusa kwa afisa anayeshughulikia faili, wapige picha kila stika na kila karatasi iliyobandikwa kiooni. Walikwenda asubuhi yake. Leseni ilikuwa kwa jina la ile kampuni ya trela.

Hapo picha ikakamilika. Mtu binafsi ana kichwa kwa mkopo, kampuni yake ina trela na leseni, na jina la mlangoni ni vazi la kampuni. Kesi ilifunguliwa dhidi ya watatu: dereva, mtu aliyesajiliwa, na kampuni. Kama angeshtakiwa mtu peke yake, angesema gari liko chini ya kampuni. Kama ingeshtakiwa kampuni peke yake, ingesema kichwa si chake. Nimewasikia wakisema hivyo mara nyingi, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kidole, na wote wawili wanakula sahani moja.

Lori lile lingeachiwa siku mbili baadaye. Ndiyo maana nasisitiza kituo cha polisi. Watu hukimbilia hospitali, na ni haki yao, lakini jamaa mmoja aachwe na kazi ya kuzipiga picha stika kabla gari halijatoka uani. Stika ya bima hasa. Sheria ya bima ya magari inataka kampuni ya bima ijulishwe kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa, la sivyo inaweza kukataa kulipa hukumu. Na kwa mwenye gari asiyekuwa na mali inayoonekana, bima ndiyo itakayolipa, ambayo nayo kwa mtu mmoja ina kikomo cha shilingi milioni 3.

Njia hii ina mwisho wake. CR12 inakupa wenyehisa walioandikwa, na mtu anayejificha anaweza kumweka shemeji au karani wake. Kanuni za mwaka 2020 zinaitaka kila kampuni impelekee msajili majina ya wanufaika halisi, yaani mwenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au anayeitawala kwa njia nyingine. Lakini daftari hilo halikufunguliwa kwa raia, ni la vyombo vya serikali. Mwanahabari au familia ya marehemu haiwezi kulisoma. Binafsi sioni sababu ya kampuni inayobeba watu 50 usiku kucha kufichiwa mwenyewe. Pia yapo mambo ambayo leseni haikuyaandika: kampuni ikisimamishwa, mabasi yale yale yanaweza kupakwa rangi nyingine na kuingizwa chini ya leseni ya chombo kingine. Rangi hubadilika, namba ya gari na chesisi havibadiliki. Anayeweka picha za namba za mabasi ya kampuni iliyosimamishwa anaweza kuyatambua tena miezi mitatu baadaye, yakiwa na jina jipya Mwembe Tayari.

Na neno la tahadhari kwa vijana wa mitandaoni. Karatasi hizi zina majina na anwani za watu. Ni za kupeleka kwa wakili, polisi au NTSA. Ukizimwaga kwenye kundi la mtaa, na pengine umekosea tarehe ya umiliki, unaweza kumtupia mawe aliyeliuza gari lake zamani.

Kwa wanaovuka maji, mambo ni tofauti kidogo. Pale Likoni hakuna fumbo, feri ni za serikali na huduma iko chini ya Mamlaka ya Bandari, kwa hiyo mwenye dai anajua mlango wa kubisha. Fumbo liko kwenye boti binafsi za abiria, hasa upande wa Lamu, ambako nahodha, mwenye boti na mwenye injini wanaweza kuwa watu watatu. Boti hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, nayo hupewa namba. Jina la boti wenyewe hulibadilisha wakitaka. Namba ndiyo ya kupiga picha gatini, kabla ya kupanda, na ofisi ya KMA ndiyo ya kuulizwa imeandikwa kwa nani.